Shangazi Hakukataa Dawa

Watu wa Koboko walipokuwa wakiniuliza kwa nini shangazi yangu alipooza upande mmoja, nilikuwa na jibu tayari mdomoni. Alikataa dawa, nilisema. Nilisema haraka, kwa sauti ya nesi aliyechoka na wagonjwa wakaidi, na watu waliguna na kutikisa kichwa. Jibu hilo nilikaa nalo zaidi ya miaka miwili. Nalieleza sasa kwa sababu nina umri aliokuwa nao yeye wakati ule, na kwa sababu nimechoka kulibeba.

Shangazi alikuwa dada yake baba. Baba alikuwa mwanajeshi, na serikali ya Uganda ilipoanguka mwaka 1979 sisi watoto wa wanajeshi tulijifunza kukimbia kabla ya kujifunza kupika. Baba hakurudi kutoka alikokuwa. Mwaka uliofuata mama, shangazi na mimi tulivuka mpaka kuingia Zaire kwa miguu, na huko mama alikufa kwa kuhara. Shangazi ndiye aliyemwosha. Alichota maji ya kijito kwa sufuria, akawafukuza wanaume, akatandika kanga tatu kuzunguka miti ili pawe na chumba mahali pasipo na chumba. Mimi nilikataa kuingia. Nilikaa nje nimeziba masikio, msichana mkubwa wa miaka kumi na sita, na yeye hakunisema hata neno.

Tuliporudi nyumbani Koboko, kazi hiyo ya kuosha maiti za wanawake ikawa yake kabisa. Waliokuwa wakiijua kabla yake walikuwa wamebaki ugenini, chini ya udongo. Basi mwanamke wa Kiislamu akifa Koboko mjini, au Lurujo, au kule Ludara, mtu alitumwa kwa shangazi. Yeye aliweka chini chekeche lake la unga wa muhogo, akachukua kifuko chake cha pamba, kafuri na vitambaa, akaenda. Wakati mwingine alitembea nusu siku. Aliogopa jambo moja tu, na alilisema waziwazi: kwamba atazeeka mikono ishindwe kabla hajapata wa kumrithisha. Alinitaka mimi. Nami nilijibu kila mara kwamba kazi yangu ni watu walio hai, si wafu. Nilijiona nimesema neno la akili.

Nilikuwa nimesomea unesi Arua. Nilipangwa kwenye kituo cha afya upande wetu, na nisiseme uongo hapa pia: nilijivuna. Gauni langu lilikuwa jeupe kuliko ya wenzangu. Nilikuwa na saa yenye mshale wa sekunde, niliyoibana kifuani, na nilipenda watu waione. Shangazi alipokuja kukaa nami nilimpima mapigo ya moyo kila wiki, nikayaandika kwenye daftari. Nilishika kifundo cha mkono wake, nikahesabu sekunde kumi na tano, nikazidisha kwa nne. Themanini. Themanini na nne. Nikaandika: kawaida.

Yeye alikuwa akilalamika. Pumzi ilikata akipanda kile kilima kidogo cha kisimani. Alilala ameegemea mito miwili, halafu mitatu. Utotoni aliwahi kuugua homa ndefu iliyomvimbisha magoti na viwiko, moja baada ya jingine, na tangu hapo hakuwa mtu wa mbio. Siku moja, ameketi na mkono juu ya titi la kushoto, aliniambia kwa kile Kiswahili chetu cha kambini:

"Nesi, hii moyo yangu iko nakimbia sawa mutu anafukuzwa. Inakimbia, inajikwaa, inakimbia tena."

Nikamwonyesha daftari. Themanini, shangazi. Daftari halidanganyi.

Lo! Daftari lilidanganya, kwa kuwa aliyeandika alikuwa mvivu. Miguu ilipoanza kuvimba nilimpandisha kwenye lori la tumbaku tukaenda Arua, hospitali moja ya wamisionari. Daktari alikuwa kijana wa Uganda hii hii, mpole, mwenye kusema polepole. Alimshika mkono shangazi kwa muda mrefu, na uso wake ukabadilika. Akaniambia nishike mimi kifundo cha mkono, naye akaweka kipimo cha masikioni juu ya moyo, chini ya titi. Tukahesabu pamoja kwa saa moja ile ile, dakika nzima. Mimi nikapata tisini na mbili. Yeye akapata mia moja na arobaini.

"Hayo mapigo mengine yamekwenda wapi?" akaniuliza.

Akanieleza, na nakumbuka kila kitu kwa sababu nilikuwa naungua kwa aibu, na mwenye aibu husikia vizuri. Vyumba viwili vya juu vya moyo wake vilikuwa havibani tena. Vilikuwa vinatetemeka tu. Mtetemo huo ulituma amri ovyo kwa vyumba vya chini, navyo vilipiga bila mpango, pengine upesi mno hata havikuwahi kujaa damu. Pigo la moyo mtupu halifiki mkononi. Ndiyo maana kifundo kinaficha. Mapigo ya namna hiyo, akasema, yanahesabiwa dakika nzima, na yanahesabiwa kifuani. Kuzidisha kwa nne ni kwa moyo unaokwenda kwa mstari. Wakamfunga nyaya, mashine ikatoa ukanda wa karatasi, na hata mimi niliona: vilele vya mistari vimekaa hovyo, huku viwili vimebanana, huku pengo.

Akampa dawa mbili, na hapa ndipo penye kisa chote. Ya kwanza, digoksini, ilikuwa ya kupunguza mbio. Ya pili, wafarini, ilikuwa ya kuzuia damu isigande. Nilimtafsiria shangazi kwa Kinubi, lugha yetu ya nyumbani, na daktari akatumia mfano wa maziwa. Maziwa yakikaa kwenye kibuyu bila kutikiswa, yanaganda pembeni. Damu inayosimama kwenye chumba kinachotetemeka nayo inaganda pembeni, hasa kwa shangazi, ambaye mlango mmoja ndani ya moyo wake ulikuwa umebanwa na ile homa ya utotoni. Kipande kikichomoka kinakwenda na damu. Kikifika kwenye ubongo, mtu anapooza palepale. Digoksini itafanya mapigo yatulie, akasema, na pumzi itarudi, na miguu itapungua. Lakini vyumba vitaendelea kutetemeka vile vile. Mapigo yakiwa mazuri msidhani hatari ya damu kuganda imeondoka. Ni kazi mbili, na kila dawa ina yake.

Alirudia mara mbili. Niliitikia kwa kichwa mara mbili.

Wafarini ilitaka kulindwa. Kila mwezi aje Arua apimwe. Fundi wa maabara alivuta damu ya shangazi, akaichanganya na dawa yake, akaitazama inavyoganda huku ameshika saa, akalinganisha na damu aliyojitoa mwenyewe asubuhi hiyo. Damu ya shangazi ilitakiwa kuchelewa, mara mbili hivi ya ile yake. Ikichelewa mno, atatokwa na damu. Isipochelewa, dawa haifanyi kazi. Mboga za majani ale kwa kiasi kile kile, si leo rundo kesho hakuna. Asipigwe sindano za kwenye msuli. Halafu daktari akauliza kama nyumbani kuna mambo ya kuchanja, ya wembe, ya chuku.

Sasa, kila mwaka, jua la kiangazi likianza kupungua, shangazi alipigwa chuku. Bibi mmoja jirani yetu alimchanja mgongoni kwa wembe, akabandika pembe ya ng'ombe, akavuta kwa mdomo ile damu aliyoiita chafu. Wazee wetu wote walifanya hivyo, na walisema ni sunna. Mimi nilijua vizuri sana. Lakini nilikuwa nimevaa gauni jeupe mbele ya daktari, na tayari alikuwa ameniumbua kwa hesabu.

"Hapana, daktari," nikasema. "Kwetu mambo hayo yameisha."

Shangazi hakuelewa Kiingereza. Alinitazama tu, akingoja nitafsiri. Nikamwambia daktari anamsalimu.

Miezi minne ilikwenda vizuri ajabu. Pumzi ilirudi. Mito ikawa miwili, halafu mmoja. Nilihesabu kifuani dakika nzima, kwa adabu: sabini na sita, sabini na mbili. Bado yalikuwa hayana mpango, lakini taratibu. Shangazi alitembea mpaka Ludara kuosha mwanamke aliyefia uzazini, akarudi kwa miguu. Nilijisifu kituoni. Siku moja nikiwachekesha wenzangu niliwaambia kwamba wafarini ni jamaa ya sumu ya panya wanayouza wachuuzi wa Vurra, kule mpakani, ni kiasi tu kinachotofautiana. Ni kweli. Lakini kuna kweli isiyofaa kusemwa mbele ya foleni ya wagonjwa, na maneno hayana mlango wa kuyafungia.

Kiangazi kilipokwisha, bibi wa chuku akaja na pembe zake, kama kila mwaka. Sikuwa nimemkataza shangazi. Ningemkatazaje jambo nililosema halipo? Nilikuwa kituoni. Nilipoitwa nilimkuta amelala kifudifudi, kanga ya pili imelowa damu, na vile vichanjo vidogo mgongoni, saba au nane, bado vinatoa damu. Bibi wa chuku amekaa pembeni anakamua kanga ya kwanza. Nilikandamiza kwa vitambaa kuanzia adhuhuri mpaka alasiri, mikono yangu ikafa ganzi. Ikakoma. Shangazi alikuwa mweupe midomoni, lakini mzima, na aliomba chai.

Ua lilikuwa limejaa watu. Baba mkubwa, kaka yao wa kwanza baba na shangazi, aliyekuwa sajini zamani na hakuacha kusema kama sajini, alisimama katikati.

"Hii dawa ya nesi iko sumu ya panya," alisema. "Yeye mwenyewe alisema, kule kituoni. Watu walisikia."

Ningeweza kusema mambo mengi. Ningesema kosa si la dawa, ni langu, sikumwambia daktari habari za chuku wala sikumwambia shangazi habari za wembe. Ningesema kesho asubuhi tunakwenda Arua kupima damu, huenda kipimo kimezidi. Ningesema dawa hii ikipunguzwa inapunguzwa na kipimo, haiachwi kwa kelele za uani. Badala yake nilisikia wanawake wakinong'ona, nikaona gauni langu lina damu, na hasira ikanipanda kichwani. Nikaingia ndani, nikatoka na kile kichupa cha wafarini, nikakimwaga chooni mbele yao wote. Nikasema basi, mmefurahi? Moyo wenyewe umeshatulia. Sabini na mbili. Ile nyingine inatosha.

Shangazi aliniita usiku ule karibu na kitanda. Akauliza kama daktari atakubali. Nikamwambia mimi ndiye nesi. Akasema sawa, mwanangu, wewe ndiye unajua.

Hilo ndilo neno ambalo kwa miaka nilikuwa naligeuza liwe kukataa.

Mwezi uliofuata sikumpeleka Arua. Nilisema barabara mbaya, mvua, magari hayapo. Nilimpima kila asubuhi, dakika nzima, kifuani, na kila asubuhi namba ilikuwa nzuri, na nikajishika kwenye namba ile. Daktari alikuwa ameniambia mara mbili. Nilijua kabisa vyumba vya juu vilikuwa vinatetemeka nyuma ya namba yangu nzuri. Nilijua, na nikanyamaza, kwa sababu kwenda Arua kulikuwa na maana ya kueleza.

Wiki ya saba, asubuhi, jua limeshapanda, shangazi alikuwa anachekecha unga wa muhogo barazani. Nilisikia chekeche likianguka. Nilidhani limemponyoka. Nilipotoka alikuwa bado amekaa, anatazama mkono wake wa kulia uliolala ndani ya unga, kama mkono wa mtu mwingine uliosahauliwa pale. Mdomo ulikuwa umevutwa upande mmoja. Nilimwita. Alifungua mdomo, akatafuta neno, na neno halikuja.

Nilimshika mapigo. Mjinga mimi, ndicho kitu cha kwanza nilichofanya. Yalikuwa sabini na nne.

Tulipata gari la mfanyabiashara, tukafika Arua mchana. Daktari yule yule. Swali lake la kwanza lilikuwa: wafarini anameza?

Nikasema ndiyo. Kila siku.

Nimejiuliza mara nyingi jinsi neno dogo vile lilivyotoka. Halikuwa uongo wa kupangwa, lilitoka kama kikohozi. Lakini tazama lilivyofanya kazi. Mtu anayemeza wafarini akipooza ghafla, daktari lazima aogope kwamba damu imevuja ndani ya ubongo. Mtu asiyemeza, mwenye moyo kama ule, karibu hakika ni kipande kilichoganda. Tiba ya mmoja ni madhara kwa mwingine. Arua hapakuwa na mashine ya kupiga picha ubongo. Walikuwa na maneno yangu tu. Daktari akaagiza sindano ya vitamini K, ya kurudisha damu igande upesi, na akatuma damu maabara. Sista akavuta dawa kwenye bomba. Nilimwona anatafuta mshipa. Shangazi alikuwa na damu inayoganda vizuri kupita kiasi, iliyokuwa imeganda mahali ilipomwua nusu, na mimi nilisimama pale nimeshika mkoba wake, kimya.

Fundi wa maabara aliingia akikimbia kidogo. Ni yeye aliyetuokoa, na hakujua. Alisema damu ya huyu mama imeganda kwa muda ule ule wa damu yangu mimi. Hakuna tofauti hata kidogo.

Daktari akainua mkono, sista akasimama. Akanigeukia. Hakukasirika. Ingekuwa heri angekasirika.

"Dada, hii si damu ya mtu anayemeza wafarini. Aliacha lini?"

Basi pale pale, mbele ya kitanda, nikajenga ukuta wa pili kuziba ufa wa ule wa kwanza.

"Alikataa," nikasema. "Wiki saba zilizopita. Alikataa mwenyewe, nilimbembeleza."

Nilisema kwa Kiswahili. Sijui kwa nini. Siku zote tulizungumza Kiingereza na yule daktari. Shangazi alikuwa amelala macho wazi, na ugonjwa ule ulikuwa umemnyang'anya kusema, haukumnyang'anya kusikia. Alinitazama. Jicho la kulia lilikuwa sawa na la kushoto, na yote mawili yalinitazama.

Daktari akamwinamia, kwa upole. Akamwuliza kwa Kiswahili, kwa nini ulikataa dawa, mama? Ulikuwa unaogopa nini? Na wewe mgonjwa wangu, akasema, mngekuja tu kuniona, tungepima, tungepunguza kidogo, dawa ingekaa. Shangazi akahangaika. Shingo ilimsimama, jasho likamtoka kwenye paji. Kisha neno likatoka, moja, wazi kabisa.

"Maji."

Sista akaleta kikombe. Shangazi akakisukuma kwa mkono wa kushoto mpaka kikamwagika. "Maji," akasema tena, akinitazama mimi. "Maji. Maji." Hapo ndipo tulipojua kwamba hilo ndilo neno lililobaki. Yaliyokuwa moyoni mwake yote, na najua yalikuwa mengi siku hiyo, yalipaswa kupita kwenye neno hilo moja.

Hakufa. Walingoja wiki mbili, ili pale palipoumia ubongoni pasije pakavuja, halafu wakamrudishia wafarini pamoja na digoksini. Daktari alimweleza kila kitu upya, maziwa na kibuyu, kwa uvumilivu wa mtu anayesema na mgonjwa mkaidi. Shangazi alisikiliza hadi mwisho. Mkono wa kulia haukurudi. Mguu ulirudi nusu, akawa anauburuta. Hakuna aliyemwita tena Lurujo wala Ludara.

Na uongo wangu ulifika Koboko kabla yetu. Baba mkubwa, ambaye ndiye aliyepiga kelele dawa ni sumu, sasa alikuwa wa kwanza kusema mnaona, mtu akikataa dawa ya nesi. Walioshuhudia kichupa kikimwagwa walikuwa wamekwishajishawishi kwamba mwenyewe ndiye aliyeagiza kimwagwe. Watu hupenda kisa chenye funzo. Wanawake waliwaambia watoto wanaotema klorokwini: meza, usije ukawa kama yule bibi. Walisema hayo akiwa amekaa palepale, wakiamini kwamba asiyesema hasikii. Alikuwa akiinamisha kichwa. Kila jioni nilimletea vidonge viwili kwenye kisahani, naye alivikagua kimoja kimoja kwa kidole cha kushoto, kile cha mapigo na kile cha damu, kabla ya kumeza. Kila mwezi nilimpeleka Arua, mvua au jua. Nilidhani hiyo ndiyo toba. Toba gani ya kimya, ambayo anayeteseka kwayo ni mwingine?

Zaidi ya miaka miwili ikapita, akafa bibi wa chuku. Alikuwa mzee sana na hakuwa na binti. Alikuwa ameacha wasia kwamba aoshwe na shangazi, hata kwa mkono mmoja. Nadhani naye alikuwa na lake la kuomba radhi. Walikuja kumchukua, na shangazi alisimama, akajifunga kanga, akaniashiria kwa kidevu. Twende. Safari hii sikuweza kukaa nje kuziba masikio.

Tulikuwa wanawake wanne mle chumbani, na maiti kwenye kitanda cha mianzi, na ndoo tatu. Ya maji yenye majani ya mkunazi, ya maji matupu, na ya mwisho ya kafuri. Sikujua chochote. Shangazi alikaa kichwani, akaniongoza kwa mkono wa kushoto: funika hapa, inua hapa, minya tumbo taratibu, usimwumize. Nilipotaka kuanza upande wa kushoto alinipiga kofi kwenye kifundo cha mkono. Kulia kwanza. Hakuwa ameacha kuwa mwalimu. Mmoja wa wale wanawake wawili wengine, aliyeshika ndoo, akasikitika kwa sauti. Akasema ona mikono hii ilivyokuwa na ujuzi, na sasa imekwisha, laiti asingekataa dawa.

Shangazi aliinamisha kichwa, kama kawaida yake.

"Hakukataa," nikasema.

Sauti yangu ilitoka mbaya. Nikasema tena. Hakukataa dawa hata siku moja. Mimi ndiye niliyeimwaga, kwa hasira. Aliniuliza, nikamwambia mimi ndiye najua. Halafu nikamsingizia, mbele yake.

Nilikuwa nimeshika kitambaa na machozi yakinidondoka kwenye kanga ya marehemu, jambo ambalo mwosha hapaswi kufanya. Niliogopa kumtazama shangazi. Kisha nikaona mkono wake wa kushoto umewekwa juu ya bega la kulia la maiti, pale nilipotakiwa kuanza.

"Maji," akasema.

Na kwa mara ya kwanza tangu Arua, maji ndiyo aliyoyataka. Nikamimina.

Niliondoka pale nikidhani nimemaliza. Lakini yanayosemwa kwenye chumba cha kuoshea maiti hayatoki, hiyo ndiyo amana ya kwanza ya kazi ile, na wale wanawake wawili waliitunza vizuri. Mimi nilijua hivyo nilipofungua mdomo. Shangazi alijua kwamba nilijua. Siku ya tatu, kwenye khitma, watu wameshakula, baba mkubwa akiwa kwenye mkeka na wageni kutoka Ludara, nilisikia anaanza kile kisa cha mtu aliyekataa dawa. Mkono ukanishika. Shangazi alikuwa amejiburuta kutoka jikoni mpaka nilipokuwa. Alinivuta kwa ule mkono mmoja hadi mbele ya mkeka, na watu wote wakageuka kututazama.

Vidole vyake vilikuwa kwenye kifundo changu, mahali pale pale nilipozoea kumpima. Hakusema hata lile neno lake. Nikaanza kusimulia kuanzia chuku, na hakuniachia mkono mpaka nilipomaliza.